"Kimefika Nairobi": Nairobi ipi?

Mnunuzi aliyeagiza bidhaa kutoka ng'ambo hungoja wiki tatu kwa utulivu, kisha siku moja husoma kwenye simu kwamba kifurushi chake kimefika Nairobi. Hapo ndipo utulivu humwishia. Hupanda matatu hadi posta anayoijua na kupiga foleni, kisha karani anapekua daftari na kutikisa kichwa. Si kwamba kifurushi kimepotea, wala si kwamba karani amezembea. Kosa liko kwenye neno Nairobi lenyewe, ambalo kwa mtu wa kawaida ni mji mmoja lakini kwa posta ni rundo la ofisi, kila moja na msimbo wake: 00100 ni Posta Kuu, 00200 ni City Square, 00400 ni Tom Mboya, 00600 ni Ngara, 00606 ni Sarit Centre, 00800 ni Westlands, na orodha inaendelea. Ongeza ofisi inayopokea mifuko kutoka nje ya nchi, ongeza forodha, ongeza bohari za kampuni binafsi za usafirishaji, utaona kwamba kusema mzigo uko Nairobi ni sawa na kusema samaki yuko Ziwa Victoria. Rai yangu ni hii: mtu asifunge safari ya kufuata kifurushi kwa sababu kimefika mjini. Aende pale tu atakapojua ni ofisi gani iliyokipokea mara ya mwisho, na baada ya mtu wa ofisi hiyo kukubali kwamba bado anacho.

Tuanze na anuani, maana ndiyo inayoaminiwa kuliko inavyostahili. Mtu huandika sanduku lake la posta, huandika msimbo, kisha huchukulia kwamba kifurushi kitakuwa pale palipoandikwa. Lakini anuani ni maagizo ya mtumaji tu. Inasema mzigo uende wapi, haisemi umefika wapi. Na mara nyingi maagizo hayo yenyewe yana kasoro ambayo mwenyewe haioni. Nchini Kenya msimbo wa posta hauonyeshi mtaa unaoishi, unaonyesha ofisi ya posta lilipo sanduku. Sanduku nambari 1234 linaweza kuwepo Posta Kuu, likawepo Sarit Centre, likawepo pia Kisumu chini ya 40100 na Mombasa chini ya 80100. Kinachoyatofautisha ni tarakimu tano zinazofuata baada ya kistari. Sasa angalia fomu za maduka ya mtandaoni. Zinadai msimbo, hazikubali nafasi wazi, na mkazi wa jiji asiye na sanduku, au anayetumia sanduku la shule au la kanisa, huandika 00100 kwa sababu ndio msimbo anaoukumbuka. Bila kujua, ameiambia dunia nzima kwamba mzigo wake upelekwe Posta Kuu, Kenyatta Avenue. Yeye ataenda kuuliza kwenye posta ya karibu na nyumbani, na posta ya karibu na nyumbani haitakuwa na habari naye.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji simu wala nauli. Fungua ile oda uliyoweka dukani, usome anuani kama ilivyochapishwa kwenye kifurushi, si kama unavyoikumbuka kichwani. Tazama msimbo. Tazama kama nambari ya sanduku na msimbo viko pamoja au kama kimoja kimedondoka. Tazama pia nambari ya simu, kwa sababu pale anuani inapokuwa na utata karani mwenye busara hupiga simu, na nambari iliyokosewa tarakimu moja huifunga njia hiyo. Ukimaliza hapo utajua kifurushi kilikusudiwa kwenda ofisi gani. Hilo ni dokezo zuri, lakini bado ni dokezo.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni rekodi ya safari, ile inayotokea ukiandika nambari ya kufuatilia kwenye tovuti. Nambari za posta za kimataifa zina herufi na tarakimu 13 kwa mpangilio uliokubaliwa na Umoja wa Posta Duniani, ule ulioundwa Bern mwaka 1874. Herufi mbili za mwanzo hutaja aina ya huduma: inayoanza na R ni barua au kifurushi kidogo cha rejista, C ni kifurushi cha kawaida, E ni huduma ya haraka ya EMS. Zinafuata tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kama CN kwa China au GB kwa Uingereza. Uzuri wa nambari hii ni kwamba haibadiliki njiani. Posta ya nchi ilikotoka na posta ya nchi inakokwenda zote huisoma ileile, ndiyo maana inafaa kuiandika kwenye tovuti ya nchi inayopokea pia, si kwenye ile ya duka pekee. Duka hukomea kusema mzigo umeondoka kwao. Nusu ya pili ya safari, ambayo ndiyo inayokuhusu, huandikwa na watu wa huku.

Lakini rekodi hiyo ina mtego, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asikimbie. Kila mstari kwenye rekodi ni tukio lililofanyika mahali fulani, na matukio hayo ni ya aina mbili: kupokea na kutuma. Ofisi inapopokea mzigo, huusoma kwa mashine na mstari huandikwa. Ofisi inapoutoa kwenda kwingine, mstari mwingine huandikwa. Mtego uko kwenye mstari wa kutuma, kwa sababu mara nyingi hutaja tulikotoka na hunyamaza kuhusu tunakokwenda, ama hutaja tunakokwenda kana kwamba tumeshafika. Tovuti nyingi za posta za Afrika huonyesha maneno haya: Send item to domestic location. Mnunuzi husoma hapo kwamba kifurushi kiko ofisi ya mtaani kwake. Maana yake halisi ni kwamba kimetolewa kwenye ofisi ya kimataifa kuelekea ndani ya nchi. Kiko kwenye mfuko, na mfuko uko kwenye gari, au bado uko sakafuni ukisubiri gari. Mstari unaotakiwa ni ule unaosema Receive item at delivery office, yaani ofisi itakayokukabidhi imekipokea. Ofisi isiyo na mstari wa kupokea haina mzigo, hata kama jina lake limetajwa mara ngapi.

Tuchukue mfano wa kubuni tuupitishe mwanzo hadi mwisho. Kifurushi kidogo chenye nambari RR123456785CN kimetumwa kutoka China kwa mtu anayetumia sanduku la 00606. Jumatatu rekodi inasema Receive item at office of exchange, Nairobi. Mtu wetu anasoma neno Nairobi na kutaka kutoka mbio. Asitoke. Ofisi inayotajwa ni ile inayofungua mifuko ya kimataifa, na kwenye mifumo ya posta hutambulishwa kwa msimbo wa herufi sita unaoanza na KE ya nchi, kisha NBO ya mji, kisha herufi moja ya ofisi yenyewe. Hapo si mahali pa kwenda kuchukua mzigo. Jumanne inaonekana Send item to customs: kimepelekwa kwa maofisa wa forodha. Alhamisi, Return item from customs: forodha wamekirudisha posta. Ijumaa, Send item to domestic location. Kisha kimya cha Jumamosi na Jumapili. Jumatatu inayofuata hakuna jipya, na mtu wetu anaamua kwamba siku tatu zinatosha kwa gari kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine, hivyo anakwenda Sarit. Hakuna kitu. Anarudi nyumbani akilaani. Jumanne jioni mstari mpya unatokea: Receive item at delivery office, lakini ofisi iliyotajwa ni Posta Kuu. Akiitazama oda yake vizuri anagundua kwamba duka lilijaza 00100 lenyewe kutokana na jina la mji, likaacha ile 00606 aliyoiandika kwenye mstari wa sanduku. Wachambuzi wa mifuko walifuata msimbo uliochapishwa kwa herufi kubwa chini kabisa, na huwezi kuwalaumu.

Katika mfano huo hakuna aliyedanganya. Anuani ilisema jambo moja, lebo ikasema jingine, rekodi ikasema ukweli lakini kwa kuchelewa. Mtu aliyejua kupima uzito wa kila kimoja angeokoa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na nusu siku ya kazi. Uzito wenyewe naupanga hivi: kumbukumbu yako kuhusu anuani ndiyo nyepesi kuliko vyote, lebo iliyochapishwa inaizidi, mstari wa kutuma unaizidi lebo kidogo, mstari wa kupokea unazidi vyote hivyo, na sauti ya mtu aliyeshika kifurushi mkononi inazidi kila kitu.

Forodha inastahili neno lake, kwa sababu ndiyo kituo kinachowachanganya watu kuliko vyote. Mstari unaosema kifurushi kimepelekwa forodha haumaanishi lazima kimezuiwa. Kila mzigo wa kimataifa wenye bidhaa hupita hapo na fomu ya tamko iliyobandikwa juu, CN 22 kwa vitu vya thamani ndogo au CN 23 kwa vya thamani kubwa zaidi, na mingi hutoka bila mwenyewe kuitwa. Pa kuangalia ni mstari unaofuata. Ukisema umerudishwa kutoka forodha, endelea kusubiri ofisi ya mwisho. Lakini siku zikipita bila mstari wa kurudi, basi mwenye mzigo kwa wakati huo si ofisi ya mtaani kwako wala Posta Kuu, ni forodha, na wanachokitaka kwa kawaida ni risiti inayoonyesha bei uliyolipa. Kwenda kwenye kaunta ya mtaani kwako katika hali hiyo ni kumuuliza jirani habari za mgeni ambaye bado yuko uwanja wa ndege.

Sasa tuje kwenye simu, au kwenye kaunta kwa yule asiyeweza kupiga simu. Swali linaloulizwa na wengi ni: "Kifurushi changu kimefika?" Ni swali bovu. Karani huangalia kwenye kompyuta, huona mstari uleule ulioona wewe, hujibu "Ndiyo, kimefika," na kila mmoja huridhika bila mtu kuinuka kitini. Swali linalofaa ni: "Je, kipo kwenye rafu yenu sasa hivi, na mmekiandikia kikaratasi nambari ngapi?" Swali hilo halijibiwi na kompyuta. Linamlazimu mtu kwenda kwenye chumba cha vifurushi au kufungua daftari la mizigo iliyopokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye posta daftari ndilo linalotofautisha mzigo uliofika kwa maneno na mzigo uliofika kwa mikono. Ukipewa nambari ya kikaratasi au ya rafu, muulize karani jina lake, uliza wanafunga kaunta ya vifurushi saa ngapi, ambayo huenda isiwe saa ileile ya kufunga ofisi, na uliza kuna malipo gani yanayokusubiri. Hapo ndipo unaweza kuvaa viatu.

Kile kikaratasi kinachowekwa ndani ya sanduku nacho kisomwe kwa makini. Kwa kuwa kifurushi hakiingii kwenye kisanduku cha barua, karani huacha taarifa ndani yake, na watu wengi husoma neno "kifurushi" tu wakaenda dirisha la kwanza wanaloliona. Kikaratasi hicho kina muhuri wa ofisi iliyokitoa na tarehe. Muhuri ndio unaotaja mwenye mzigo. Ukiwa wa ofisi nyingine tofauti na ile lilipo sanduku lako, fuata muhuri. Tarehe nayo inakueleza muda uliobaki, jambo ambalo nitalirudia hivi punde. Na ukimtuma mtu akuchukulie, mpe kikaratasi chenyewe, barua ya idhini, nakala ya kitambulisho chako, na kitambulisho chake mwenyewe awe nacho mkononi; vitu vya rejista havitolewi kwa kutajwa jina tu.

Kampuni binafsi za usafirishaji zina tabia tofauti, na anayezichukulia kama posta atapotea. Posta huweka mzigo mahali pamoja na kukungoja. Kampuni ya kupeleka majumbani hukuletea, ikikukosa hurudi nao, na kuanzia hapo mzigo huanza kutembea. Mwendeshaji wa pikipiki aliyekukosa saa nne asubuhi harudi bohari saa nne na nusu. Ana mizigo mingine ya kugawa, hivyo chako kitazunguka naye mjini hadi jioni. Ukikimbilia bohari mchana utaambiwa hakipo, na ni kweli hakipo. Usiku kitapokelewa bohari na kusomwa kwa mashine; asubuhi, kama hujasema lolote, kitapakiwa tena kwa jaribio la pili. Ukienda bohari asubuhi hiyo baada ya pikipiki kuondoka, utakuwa umekikosa mara ya pili, safari hii wewe ukiwa kwao na chenyewe kikiwa kwako. Ndiyo maana kwa kampuni hizi haitoshi kuthibitisha ni bohari ipi. Ni lazima uombe kisitoke: piga simu siku ileile ya jaribio lililoshindikana, sema wazi kwamba utakuja kukichukua mwenyewe, omba kizuiwe kaunta, kisha kesho yake kabla ya kuondoka nyumbani uhakikishe kwamba ombi hilo lilifika bohari na halikuishia kwa dada wa simu.

Kuna na suala la nambari. Kampuni kubwa ya kimataifa inaweza kuleta mzigo hadi nchini, kisha ikaukabidhi kwa kampuni ya hapa kwa kipande cha mwisho cha safari. Kampuni ya hapa huubandika lebo yake yenye nambari yake. Mnunuzi anabaki na nambari ya oda ya duka, nambari ya msafirishaji wa kwanza, na nambari ya tatu ambayo hajawahi kuiona. Akipiga simu bohari na kutaja ya kwanza au ya pili, anajibiwa hakuna kitu kama hicho, na anayejibu hasemi uongo, kwa sababu kwenye mfumo wake hakuna. Dawa ni kumuuliza msafirishaji wa kwanza maswali mawili tu: mlimkabidhi nani, na yeye aliupa nambari gani? Pasipo nambari hiyo, afadhali utafutwe kwa simu ya mpokeaji, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwenye kila lebo. Hata mizigo ya mabasi, ambayo wengi wetu hutumia kuliko posta, ina ugonjwa huuhuu kwa namna nyepesi: kampuni moja ya basi huwa na ofisi ya abiria upande mmoja wa mtaa na ofisi ya mizigo upande mwingine, na anayesema "nimekutumia kwa basi" bila kutaja ofisi na nambari ya risiti amekutuma kutafuta mbuzi sokoni bila kukuambia rangi yake.

Najua kuna watakaosema kwamba haya yote ni kujisumbua. Simu za ofisi hazipokelewi, watasema, na ukizipigia siku mbili bora uende ukajionee. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana simu nyingi za ofisi za umma huita mpaka zikate. Lakini angalia inachothibitisha. Haithibitishi kwamba kwenda bila kuhakikisha kuna faida. Inathibitisha kwamba njia moja ya kuhakikisha ni mbovu. Zipo nyingine: mstari wa kupokea kwenye rekodi, ujumbe wa maandishi, barua pepe, mtu aliye karibu na ofisi hiyo akakuulizia. Na kwa anayeishi mbali, hesabu haibishaniki. Aliyeko Voi akiambiwa mzigo uko Mombasa ana ofisi kadhaa za kuchagua na safari moja tu anayoweza kuigharamia. Kwake yeye siku mbili za kupiga simu ni nafuu kuliko siku moja ya basi.

Wengine watasema kuchelewa kwenyewe ndiko hatari, kwamba mtu akikaa anahakikisha, mzigo utarudishwa ulikotoka. Hofu hii ni ya haki lakini imezidishwa. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani huiachia kila nchi ipange muda wake, na kwa kawaida muda wa kuhifadhi kitu ambacho hakijachukuliwa hauzidi mwezi mmoja. Kampuni binafsi huweka muda wao, na mara nyingi ni mfupi zaidi, unaohesabiwa kwa siku. Hivyo mwenye kifurushi cha posta ana nafasi ya kuhakikisha kwa utulivu, na mwenye mzigo wa kampuni hana budi kufanya hivyo ndani ya saa chache. Katika hali zote mbili kinachokula muda ni kuhangaika kwenye ofisi isiyohusika huku ile inayohusika ikihesabu siku zake. Muda ukiisha, posta hubandika kijilebo cha CN 15 kinachotaja sababu ya kurudisha, na miongoni mwa sababu zilizochapishwa juu yake ni kwamba kitu hakikudaiwa. Inauma kurudishiwa mzigo kwa sababu hiyo ilhali uliudai mara tatu, lakini kwenye dirisha lisilo lake.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ile isemayo kwamba kazi hii si ya mteja. Amelipa, kwa nini afanywe mpelelezi wa mzigo wake mwenyewe? Nakubali kabisa kwamba wajibu ni wa anayesafirisha. Yeye ndiye mwenye mashine, mwenye daftari, mwenye rafu. Lakini wajibu wa mwingine haukupi mzigo wako leo, na zaidi ya hapo, mteja anayeuliza swali sahihi ndiye anayemfanya msafirishaji ajue wajibu wake uko wapi. Karani aliyetajiwa mstari, tarehe na saa ya mashine hawezi kujibu "jaribu wiki ijayo." Akijibu hivyo, mteja ana la kuandika kwenye malalamiko: ofisi fulani ilirekodi kupokea tarehe fulani, na tarehe fulani ikasema haina. Hayo ndiyo malalamiko yanayofanyiwa kazi. Malalamiko ya "nilienda mara tatu sikupata" huishia kabatini.

Na kuna sababu nyingine ya kuhakikisha ambayo haihusu nauli hata kidogo. Wezi wa mtandaoni wamegundua kwamba kila mtu ana mzigo anaousubiri. Hutuma ujumbe kwamba kifurushi chako kimezuiliwa, lipa kiasi kidogo kwa nambari hii ya M-Pesa, au bonyeza hapa urekebishe anuani. Ujumbe huo haustahimili swali letu moja: kimeshikwa na ofisi gani? Mwizi hutaja jina la jumla, forodha au bohari kuu, na hana nambari ya kikaratasi. Akitoa nambari ya kufuatilia, unaweza kuipima hata bila intaneti, kwa sababu ile tarakimu ya tisa katika nambari za kimataifa haiwekwi kiholela. Chukua ule mfano wetu, 12345678. Zidisha tarakimu hizo nane moja baada ya nyingine kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, ujumlishe; unapata 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11, inabaki 5, na 5 ndiyo tarakimu ya tisa. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5. Nambari isiyokubali hesabu hii ni ya uongo au imenakiliwa vibaya. Inayokubali bado si ushahidi kwamba mzigo upo, maana mwizi naye anaweza kujifunza kuzidisha, kwa hiyo mwisho wa yote ni uleule: ipigie simu ofisi yenyewe kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Hutokea pia kwamba rekodi inasema ofisi fulani imepokea, na ofisi hiyo inaapa kwamba haina. Usianze kuzunguka posta za mji ukiuliza moja baada ya nyingine. Hapo umetoka kwenye kuthibitisha na kuingia kwenye kupiga ramli. Omba wakague mambo mawili, mfuko uliokuja siku hiyo na rafu ya vitu vyenye jina linalofanana na lako, kwa sababu kifurushi kilichosomwa na mashine lakini kikawekwa pasipo pake ndiyo hali ya kawaida kuliko wizi. Kisipoonekana, mwambie aliyekiuza au aliyekituma afungue maulizo rasmi kwenye posta yake kwa fomu ya CN 08. Ana miezi sita kuanzia kesho yake ya siku aliyotuma, na posta hizo mbili zitalazimika kuulizana zenyewe kwa zenyewe ni nani aliyekuwa nacho mara ya mwisho.

Kwa wakubwa wa posta na kampuni za usafirishaji nina ombi moja dogo lisilohitaji bajeti ya serikali. Ule ujumbe wa simu mnaotutumia, badala ya kusema kifurushi kimefika Nairobi, uandikwe jina la ofisi inayokishika, nambari ya kikaratasi, saa kaunta inapofungwa na nambari ya simu inayopokelewa. Mambo hayo manne yanatosha kwenye ujumbe mmoja, na yote karani anayo mbele yake anapokiweka kifurushi kwenye rafu.